Nina mawazo matatu ya mradi wa sayansi, nichague lipi?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, nasoma Moshi mjini na nakaa na bibi Kibosho. Katikati ya Oktoba shule yetu ina maonyesho ya sayansi na kila mmoja wetu ameambiwa alete mradi. Nina wiki 14, shilingi 25,000 alizonipa mama, na ruhusa ya kutumia mizani na lenzi za maabara.

Wazo la kwanza ni chujio la maji. Mjomba wangu anaishi Maji ya Chai kule Arumeru, na watoto wake wana meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi. Nimesikia mkaa wa mifupa ya ng'ombe huiondoa, kwa hiyo nataka kuchoma mifupa, kuisaga na kuijaza kwenye ndoo yenye bomba.

La pili ni umeme. Mfereji unapita nyuma ya kihamba chetu na babu ameacha dinamo ya baiskeli. Nataka gurudumu la maji liwashe taa.

La tatu ni maharage. Bibi huchanganya maharage na majivu ili yasibunguliwe. Jirani yetu anasema yeye hutumia majani ya utupa yaliyosagwa, na kila mavuno wanabishana. Ningependa kujua nani yuko sahihi, ila wenzangu wanasema huo ni mradi wa darasa la nne, majaji watapita bila kusimama.

Mwalimu, upi unanifaa?

*

Marahaba, mwanangu. Fanya maharage.

Kwanza nikuambie kwa nini nimeliweka chujio pembeni, maana najua ndilo lililo karibu zaidi na moyo wako. Ulichosikia ni kweli. Mfupa umejengwa kwa madini ya kalsiamu na fosfeti, na ukichomwa vizuri madini hayo huishika floraidi iliyomo majini. Kituo cha Wizara ya Maji cha Ngurdoto, ambacho hakiko mbali na kwa mjomba wako, kimeshughulika na machujio ya namna hiyo kwa miaka mingi. Tatizo lako litakuwa kupima. Floraidi haina rangi wala harufu, na kwa kiasi kinachoharibu meno huwezi kuihisi ulimini. Maji yatatoka kwenye ndoo yako yanang'aa na bado hutajua kama umeondoa kitu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja, na ili uone kama umeshuka kutoka 5 hadi 1.5 unahitaji kifaa maalumu cha maabara ambacho shule nyingi hazina.

Uchomaji nao una masharti. Mifupa huchomwa kwa hewa kidogo, kwenye joto la nyuzi 400 hadi 600 hivi. Moto ukiwa mdogo, maji yatatoka na rangi na harufu ya nyama iliyoungua. Ukizidi, mfupa huwa mweupe kama chaki na uwezo wake wa kushika floraidi hupungua. Jikoni kwa bibi huna cha kukuonyesha nyuzi 500. Kinachonitia hofu hasa ni kwamba hata chujio zuri hufika siku likajaa, na siku hiyo halitoi dalili yoyote. Mjomba angeendelea kuwapa watoto maji hayo kwa imani kwamba binti wa dada yake amewatengenezea dawa. Siku utakapopata maabara ya kukupimia sampuli kabla na baada ya kuchuja, rudi kwenye wazo hili, na mimi nitakusaidia.

Umeme wa mfereji nitausemea kwa ufupi. Ukipata lita 5 kwa sekunde zikianguka mita moja na nusu, nguvu iliyomo majini ni 5 × 1.5 × 9.8, yaani kama wati 73, na gurudumu la mbao litakupotezea sehemu kubwa ya hiyo. Dinamo ya baiskeli kwa kawaida ni ya wati 3 kwa volti 6, kwa hiyo taa itawaka. Lakini baada ya taa kuwaka utakuwa umejibu swali gani? Huo ni ufundi mzuri, ila hauna kitu cha kulinganisha. Halafu mfereji una wenyewe na una zamu zake. Ukiziba njia ya maji siku ya zamu ya mtu, utaitwa kwenye kikao pamoja na bibi yako.

Sasa maharage. Hapa kifaa cha kupimia unacho tayari, nacho ni macho yako. Kila fukusi anayekomaa ndani ya harage hutoka kwa kutoboa tundu la mviringo, lenye upana wa kama milimita 2, na tundu hilo halifutiki. Ukihesabu matundu umehesabu fukusi waliofanikiwa. Hao wenzako wanaosema ni mradi wa darasa la nne waulize watakavyojua kama utupa unaua kwa sumu au kwa vumbi tu. Tutafika hapo.

Anza kwa kumjua mdudu. Chukua maharage ya mwaka jana yaliyobunguliwa, hata yale yanayofagiwa chini ya meza za wauzaji sokoni, uyatie kwenye chupa na uyatazame kwa lenzi. Kuna aina mbili zinazosumbua maharage kwetu. Mmoja ana urefu wa milimita 3 au 4, rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia, na mabawa yake hayafiki mwisho wa mwili, kwa hiyo ncha ya nyuma hubaki wazi na huwa na wekundu kidogo. Huyu hupenda sehemu za baridi kama huko kwenu Kibosho, na huanza kutaga hata shambani maganda yanapokauka. Jike hudondosha mayai ovyo katikati ya maharage bila kuyagandisha. Wa pili ni mdogo zaidi, wa kama milimita 2, na jike wake ni mweusi mwenye madoa meupe. Huyu hugandisha mayai kwenye ngozi ya harage, nawe utayaona kama vidoti vyeupe. Wa pili huyu hupatikana zaidi kwenye joto. Usichanganye aina hizi mbili. Ukikuta vidoti vyeupe vimegandama kwenye maharage, tafuta maharage mengine.

Nasisitiza hivyo kwa sababu ya jambo ambalo bibi na jirani hawakulitaja, na ambalo nataka uliingize kwenye ubishi wao. Yai la yule fukusi mkubwa likianguliwa, buu hutambaa akitafuta harage la kuingia. Ngozi ya harage ni ngumu na buu ni mdogo sana, kwa hiyo hujibana mahali harage mbili zinapogusana, akaegemeza mgongo kwenye moja na kutoboa nyingine. Kazi hiyo humchukua kama siku nzima. Maharage yakigeuzwa kabla hajamaliza, egemeo lake linaondoka na tundu alilolianza halipo tena mbele yake. Inabidi aanze upya, na baada ya kuanza upya mara kadhaa nguvu humwishia. Watafiti waliandika habari hii mwaka 1991, kwamba kubiringisha tu chombo cha maharage mara chache kila siku hupunguza fukusi wengi sana. Haigharimu hata shilingi moja. Lakini kwa yule fukusi mdogo ujanja huu hauna msingi uleule, maana buu wake hutoboa moja kwa moja kutoka ndani ya yai lililogandishwa, na yai lenyewe ndilo egemeo lake.

Kwa hiyo utakuwa na makundi matano: maharage matupu yasiyoguswa, yenye majivu, yenye unga wa utupa, yanayobiringishwa, na la tano ambalo nitalieleza baadaye kidogo, yenye unga wa majani makavu ya mgomba. Kila kundi litakuwa na chupa 4, jumla chupa 20. Chupa moja kwa kila kundi haitoshi hata kidogo, kwa sababu chupa mbili zilizotendewa sawasawa hazitoi namba sawa, na bila kuona tofauti hiyo ya kawaida huwezi kujua kama tofauti kati ya majivu na utupa ni ya kweli au ni bahati.

Tumia chupa za maji za nusu lita. Tia gramu 200 za maharage katika kila moja, yaani kilo 4 kwa jumla, ya aina moja na kutoka gunia moja. Kama bibi amepanda Lyamungu 90, gramu 200 zitakuwa kama punje 400, na chupa itajaa nusu tu. Nusu hiyo tupu unaihitaji: chupa iliyojaa hadi shingoni ukiibiringisha maharage hayasogei.

Kabla ya kuyagawa, waue kwanza fukusi waliomo. Maharage yanayotoka shambani yanaonekana safi na huku yana mayai na mabuu ndani. Yakaushe vizuri, yafunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uombe nafasi kwenye friza ya muuza barafu kwa wiki nzima. Yakitoka, usifungue mfuko hadi kesho yake, ili unyevu ugande nje ya mfuko na usiyaloweshe maharage. Njia ya kuanika juani chini ya plastiki nayo huua, ila Julai ya Kibosho yenye mawingu siiamini.

Wakati maharage yako kwenye friza, andaa fukusi. Yachekeche yale maharage ya zamani, uwaondoe wakubwa wote waliomo, kisha kila baada ya siku mbili chekecha tena ukusanye waliotoka karibuni. Hivyo watakuwa na umri unaokaribiana. Unahitaji 10 kwa kila chupa, yaani 200. Usihangaike kutenganisha dume na jike. Ukichota 10 bila kuchagua, uwezekano kwamba wote ni jinsia moja ni 2 katika 1,024. Kama hupati 200 kwa siku moja, tia kwanza 5 katika kila chupa na siku mbili baadaye 5 wengine; usijaze chupa za majivu leo na za utupa wiki ijayo.

Majivu yawe ya kuni za aina moja, yaliyopoa, yaliyochekechwa kwa chekeche ya unga hadi yasiwe na vipande vya mkaa. Tia gramu 10 kwa chupa. Kwa debe la maharage la kilo 16 hiyo ni sawa na gramu 800. Lakini kabla ya hapo mwombe bibi akuonyeshe anavyofanya, mpimie bakuli lake la majivu kwenye mizani ya maabara, na kama kipimo chake ni kikubwa zaidi ya hicho, fuata chake. Unajaribu njia ya bibi, kwa hiyo iwe ya bibi kweli. Majivu hufanya kazi kwa kuziba nafasi kati ya punje, fukusi asiweze kutembea na kukutana na mwenzake, na kwa kukwangua nta inayomfunika mwilini hadi akauke. Ndiyo maana kijiko kimoja kwenye gunia hakisaidii mtu.

Utupa una kisa chake. Chuma majani, yakaushe kivulini, yasage ukiwa nje na umefunga kitambaa puani na mdomoni, kisha yachekeche. Tia gramu 10 kwa chupa. Sumu zake ni za jamii ya rotenoni, na wazee waliutumia kulewesha samaki, kwa hiyo kinu na mikono usivioshee mferejini. Na maharage ya chupa hizo yasirudi jikoni.

Sasa lile kundi la tano. Tuseme chupa za utupa zimetoka na fukusi wachache. Jirani atashangilia kwamba utupa umeua. Lakini umetia unga mkavu kati ya maharage, na tumeona kwamba unga wowote mkavu unaweza kumzuia fukusi kutembea. Je, ni sumu au ni vumbi? Unga wa mgomba, gramu 10 uliochekechwa kwa chekeche ileile, una vumbi bila ile sumu. Utupa ukiushinda mgomba kwa mbali, jirani ana haki. Ukilingana na mgomba, alichokuwa akitumia miaka yote ni vumbi. Jaji anayejua kazi yake atakuuliza swali hili, na utakuwa na chupa nne za kumjibu.

Funga midomo ya chupa zote kwa kitambaa chepesi na mpira, usitumie vifuniko. Hapa nina kosa langu mwenyewe la kukusimulia. Miaka kadhaa nyuma nilimsimamia kijana aliyefanya jaribio linalofanana na hili, na tulifunga chupa kwa vifuniko vyake ili fukusi wasitoroke. Wiki ya tatu fukusi walikuwa wamekufa kwenye kila chupa, nami nikafurahi nikamwambia aandike kwamba dawa zote zimefaulu. Yeye ndiye aliyenyosha kidole kwenye chupa zisizo na dawa: hata humo walikuwa wamekufa. Walikosa hewa. Mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa inafanya kazi kwa njia hiyohiyo, na mimi nilikuwa nimeijaribu bila kujua. Kijana yule alipoteza muhula. Kumbuka basi kwamba fukusi wakifa mapema kwenye chupa tupu, yaani zile za maharage yasiyotiwa kitu, jaribio zima limeharibika, hata kama zile nyingine zinapendeza.

Zipe chupa namba 1 hadi 20 na uandike kwenye daftari, si kwenye chupa, ipi ni ya kundi gani. Panga mahali zitakapokaa kwa kuchota namba kwenye kofia. Ukiziweka za majivu zote upande wa jiko na tupu zote upande wa ukuta wa baridi, utakuwa umepima joto la nyumba. Zote zikae katoni moja. Nne za kubiringisha zibiringishe zikiwa zimelala, mizunguko mitatu kila moja, asubuhi kabla ya daladala, jioni ukirudi, na usiku kabla ya kulala. Andika kila mara. Siku ukisahau, andika kwamba umesahau. Zile 16 nyingine usizitikise kwa udadisi, maana kila ukiitikisa chupa tupu unaipa dawa.

Jambo litakalokujaribu zaidi ni subira. Vitabu vingi husema fukusi huyu humaliza maisha yake kwa karibu mwezi mmoja, lakini hiyo ni kwenye joto la nyuzi 30 hivi. Kibosho mwezi Julai na Agosti usiku ni baridi, na kwenye nyuzi 20 huchukua kama miezi miwili. Ukifungua chupa wiki ya tano utakuta maharage mazima kila mahali, na utadhani umeshindwa. Tazama bila kufungua. Utaanza kuona duara hafifu kwenye ngozi za maharage, kama dirisha lenye kioo kizito: pale buu amekula hadi karibu na ngozi akaiacha nyembamba kwa ajili ya kutokea. Siku fukusi wapya watakapoonekana kwenye chupa tupu, hesabu wiki mbili zaidi, kisha peleka chupa zote 20 kwenye friza siku moja. Ukichelewa zaidi ya hapo, watoto nao wataanza kutaga na hesabu itavurugika. Ukiweza, hamishia katoni kwa ndugu anayekaa mjini chini, ambako kuna joto zaidi na utaokoa wiki kadhaa, mradi awe mtu wa kubiringisha bila kukosa.

Baada ya siku nne kwenye friza wote wamekufa na unahesabu kwa utulivu. Mwombe rafiki ayachekeche na kuyafuta maharage, kisha akupe sahani yenye namba bila kukuambia ni kundi gani. Changanya, chota punje 100 bila kuchagua, hesabu matundu yote. Punje moja inaweza kuwa na matatu au manne, nayo yote yanahesabiwa.

Nikupe mfano wa kusoma namba. Hizi nimezitunga mimi, usizinakili. Tuseme chupa tupu zimetoa matundu 62, 48, 71 na 55, wastani 59. Za majivu 9, 14, 6 na 11, wastani 10. Chupa mbaya kabisa ya majivu, yenye 14, iko mbali na chupa nzuri kabisa ya zile tupu, yenye 48. Hapo unaweza kusema bila woga kwamba majivu yamepunguza, na kwa kiasi gani: 59 toa 10 ni 49, gawanya kwa 59, karibu asilimia 83.

Za kubiringisha tuseme zimetoa 5, 30, 8 na 41. Wastani ni 21 na unaonekana mzuri, lakini usiuandike peke yake. Chupa mbili zimefanya vizuri kuliko majivu, na mbili zimekaribia zile tupu. Kitu kimezitenganisha. Rudi kwenye daftari, kisha zitazame chupa zenyewe. Huenda hizo mbili zilikuwa zimebonyea na hazikuzunguka sawasawa, au ulipima gramu 300 badala ya 200 na maharage yakakosa nafasi. Andika zote nne na maelezo yako. Usiitupe ya 41 kwa sababu inakuharibia wastani.

Na za utupa tuseme ni 50, 44, 63 na 47, wastani 51, huku za mgomba zikiwa 52, 60, 49 na 55, wastani 54. Namba hizi zimeingiliana kabisa, na zimeingiliana na zile tupu pia. Bibi atacheka. Lakini usiandike kwamba utupa haufanyi kazi. Watafiti waliouchunguza utupa kule Malawi walikuta vichaka vya namna mbili vinavyofanana kwa macho: kimoja kina zile sumu, kingine hakina. Unachoweza kusema ni kwamba majani ya kichaka hiki, yaliyokaushwa hivi, kwa gramu 10, hayakuzuia fukusi wa Kibosho. Huenda jirani wa pili mwenye kichaka kingine angepata jibu tofauti, na kama wiki zingebaki ningekuambia uchume na kwake pia.

Kuna kipimo kimoja cha mwisho ambacho bibi atakithamini kuliko asilimia zako, kwa sababu maharage hayo ndiyo mbegu yake ya masika ijayo. Chukua punje 25 kutoka kila kundi, bila kuchagua, uzipande kwenye mchanga wenye unyevu, na baada ya siku 10 hesabu zilizoota. Panda pia 25 za gunia lilelile ambazo hazikuingia friza wala chupa. Hizo zisipoota vizuri, ujue mbegu ilikuwa na shida kabla hujaigusa.

Bakuli la bibi lipime wikendi hii, kabla ya kununua chochote. Hizo shilingi 25,000 zitatosha friza na vitambaa, na chupa utaziokota.